Benchi la Nje ya Chumba Namba Nne

Majina sitaji. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeniruhusu niandike habari hii, akaweka sharti hilo moja tu. Kwa kuwa mimi sina sifa nzuri katika kutunza siri, sharti lake nimelishika kwa mikono miwili.

Kazi yangu ni kutoa dawa katika kituo cha afya. Nafanya kazi nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, ndiyo maana Sista, muuguzi wetu, aliniita Dirisha, na jina likaninasa mpaka leo. Wakati ule mbele ya dirisha kulikuwa na benchi refu ambalo mgongo wake uliegemea ukuta wa chumba namba nne. Watu walikaa hapo wakisubiri dawa, na kwa kuwa kusubiri kunachosha, walisikiliza. Mimi nilikuwa nawapa cha kusikiliza. Nilikuwa naita kwa sauti ya mnada: "Wewe wa minyoo! Mama wa vidonda vya tumbo, njoo!" Watu wanacheka, siku inakwenda. Niliona huo ni ucheshi.

Sista hakucheka. Lakini Sista alikuwa hacheki mambo mengi wakati ule, na sikumlaumu. Ana miaka ishirini na tisa katika uuguzi. Viatu vyake vyeupe amevikata pembeni kwa wembe ili vidole vipate kupumua. Kabla hajafika kazini huwa ameshamgeuza mumewe kitandani, amemwogesha na kumlisha. Mumewe alikuwa fundi saa mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia. Akifika kazini anasimama mpaka jioni. Ukimwambia, "Sista, kaa kidogo," anajibu, "Nikikaa sitanyanyuka," na anaposema hivyo hatanii.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyebebeshwa kazi ya daktari wa kwenye skrini. Hospitali kubwa ilipotuletea tableti ili wagonjwa wetu waongee na madaktari bingwa bila kusafiri, kulikuwa na mafunzo ya siku mbili. Wenzake wote siku hizo walipata dharura. Mmoja alifiwa na shangazi ambaye nilikutana naye sokoni wiki iliyofuata, mzima kabisa. Sista akaenda peke yake, akarudi na cheti, na tangu siku hiyo kila Alhamisi saa nne asubuhi anatoa mikono kwenye sindano na kuingia chumba namba nne.

Mwalimu alikuja Alhamisi moja ya mvua. Alifundisha darasa la pili katika shule ya jirani na sote tulimfahamu, kwa sababu ni mwalimu asiyekaa. Hakuwahi kukaa darasani, wala kwenye mikutano ya wazazi, hata misibani alikuwa husimama mlangoni kama anayetaka kuondoka. Wazazi walimsifu kwa bidii hiyo. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Siku hiyo mtandao ulikuwa mbovu. Sista aliilaza tableti mezani, ameiegemeza kwenye chupa ya spiriti, kwa hiyo daktari bingwa kule mjini aliona dari, taa na matundu ya pua ya Mwalimu. Dirisha la chumba lilikuwa nyuma ya mgonjwa, uso wote ukawa kivuli. Sauti ilikuwa inakatikakatika, Sista akaipandisha mpaka mwisho. Mlango ulifungwa vizuri, na pazia likavutwa. Kisha sauti ya daktari ikatoka pale kama ya kipaza sauti cha mkutano:

"Nauliza hivi, mkojo unavuja muda wote, au ukikohoa tu? Na harufu, watu wanaisikia?"

Benchi lote likageukia mlango wa namba nne. Walikuwapo wazazi watatu wa darasa la pili. Mimi nilikuwa na kijiko cha kuhesabia vidonge mkononi, nikahesabu upya vidonge nilivyokwisha kuhesabu, kwa aibu.

Mwalimu alitoka. Alipita mbele ya benchi kichwa juu, mkoba ameushika nyuma ya sketi, hakumwangalia mtu. Mama mmoja akaanza kunong'ona kabla Mwalimu hajafika hata getini. Sista alibaki mlangoni na tableti mkononi, daktari bado anaita, "Haloo? Haloo? Mmepotea?"

Miezi mitano hakurudi. Sista alimfuata mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa Mwalimu hayupo, na huku anaona kivuli chake chini ya mlango. Mara ya pili walisalimiana getini na mambo yakaishia hapo. Mara ya tatu alikwenda baada ya kazi, miguu imevimba. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa na maneno ya kumbembeleza tena, akasema tu ukweli: "Mwalimu, nilikukosea. Nilifunga mlango nikadhani nimekustiri. Nipe siku moja niandae mambo kama inavyotakiwa. Ukisikia hata neno moja limetoka nje, usirudi tena, na mimi sitakufuata."

Mwalimu aliitazama miguu ile iliyovimba. Halafu akasema, "Mara moja, Sista. Moja tu." Alikuwa ameshaamua kuacha kazi muhula ukiisha na kwenda kuishi mbali, mahali asipojulikana. Sista alirudi na habari hiyo kama mtu aliyetwishwa gunia lingine.

Jumatano akaja dirishani kwangu. "Dirisha, funga hapo. Njoo namba nne."

"Nina watu, Sista."

"Na mimi nina watu. Njoo."

Aliniweka kwenye kiti cha mgonjwa, akanipa karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya boksi la dawa. Akasema nisome kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na daktari. Akatoka, akafunga mlango. Nikasoma. Nilisoma madhara yote ya dawa ya shinikizo la damu, pamoja na yale yanayowapata wanaume peke yao, ambayo niliyasoma chinichini kwa sababu zangu mwenyewe. Nilipotoka nilimkuta Sista ameketi kwenye benchi. Nilishtuka, maana sikuwahi kumwona amekaa.

"Nimesikia yote," alisema. "Hata yale uliyoyameza."

"Kwani mlango si umefungwa?"

Alinyoosha kidole juu. Ukuta wa chumba namba nne haufiki kwenye paa. Zamani dari ilikuwapo, mchwa wakaila, ikang'olewa, ikabaki nafasi ya mkono mmoja kati ya ukuta na mabati. Sauti ilikuwa inapanda kule, inagonga bati na kushuka moja kwa moja kwenye benchi. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pale hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejua. Sisi ni watu wa ndani, hatukuwahi kukaa benchi.

Sista aliweka uso kwenye viganja. "Wangapi, Dirisha? Wangapi wameongea humo ndani?"

Nilikumbuka mnada wangu wa dirishani nikaona heri ninyamaze.

Tulitafuta chumba kingine. Chumba cha chanjo kina friji, na kila dakika mtu anaingia kuchukua kitu. Ofisi ya mkuu ina mlango wa kioo. Chumba cha kujifungulia kina kuta nene na dari, lakini mtandao haufiki kabisa, na hata ungefika, mjamzito hapewi miadi ya kuja na uchungu. Tukarudi namba nne, tumechoka na tumekasirika.

"Basi, sauti ya daktari haitatoka," Sista akasema. "Na ya Mwalimu tutaipunguza."

Hedifoni alizitoa mwenyewe nyumbani. Zilikuwa za mumewe, alikuwa anasikilizia mpira kabla ya kiharusi. Jioni hiyo aliongea na daktari bingwa kwa simu kwanza. Mwalimu alikuwa amemkubalia amweleze, kwa hiyo akamweleza mwanzo mpaka mwisho, ili kesho mgonjwa asianze hadithi upya. Akamwomba mambo mawili: maswali yawe ya kujibiwa ndiyo au hapana, na kabla ya lolote daktari azungushe kamera yake amwonyeshe mgonjwa chumba chake chote.

Alhamisi nilifika mapema nikadhani nimemtangulia. Alikuwa ameshaligeuza dawati ili Mwalimu atazamane na dirisha, mwanga umwangukie usoni. Kioo cha chini cha dirisha alikibandika karatasi nyeupe, mwanga unaingia, jicho la mtu haliingii. Tableti aliisimamisha juu ya maboksi matatu ya glovu. Akanikalisha, akaangalia, akaongeza boksi la nne.

"Kamera iwe sawa na macho yako. Sogea nyuma. Nataka nione kichwa na mabega. Haya, na kile kitanda cha kupimia kinaonekana nyuma yako, sitaki. Mtu aje kuongea, aone kitanda, atadhani anavuliwa nguo."

Tukakisukuma kitanda pembeni. Kwenye kiti akaweka mpira wa kitandani usiopitisha maji, juu yake khanga nene iliyokunjwa mara nne.

Saa tatu na nusu akapiga simu ya majaribio kwa muuguzi wa kule hospitali kubwa, kwa tableti ileile, chumba kilekile, hedifoni zilezile. Picha ilikuja ikaganda, muuguzi wa watu mdomo wazi. Sista akakata, akaenda moja kwa moja kwa karani wa takwimu, ambaye alikuwa anatuma ripoti ya mwezi yenye picha za kila ukurasa.

"Simamisha hiyo mpaka saa tano."

"Sista, ripoti inatakiwa leo."

"Leo haijaisha. Simamisha."

Karani akasimamisha. Na simu zetu sote zikatolewa kwenye intaneti ya kituo. Jaribio la pili picha ikatembea, wakasikilizana pande zote mbili. Chaji ilikuwa imejaa na waya umechomekwa juu yake. Simu ya Sista yenye bando lake mwenyewe aliiweka kando kama akiba, na wakapatana kabisa na yule muuguzi: picha ikisumbua, wazime picha wabaki na sauti, sauti nayo ikikatika, daktari atapiga kwenye simu ya Sista, mgonjwa asianze kuhangaika.

Kazi yangu ilikuwa benchi. Nililihamishia barazani upande wa pili, nikawaambia watu dirisha lina matengenezo. Nikawasha redio ya kituo. Kisha Sista akaniambia nikae pale pale benchi lilipokuwa, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nisikilize.

"Mimi tena?"

"Wewe una masikio ya umbea, Dirisha. Wewe ukikosa la kusikia, hakuna atakayesikia. Neno likitoka, gonga ukuta."

Sikukasirika. Nililistahili.

Mwalimu aliingia kwa mlango wa nyuma, saa nne kasorobo. Yaliyotokea ndani nimeyapata kwao wawili. Kwanza hakukaa. Alisimama akakiangalia kiti, akaiona ile khanga, akaelewa ni ya nini. Sista akajifanya anapangusa tableti. Ndipo Mwalimu akakaa.

Daktari alipotokea kwenye skrini hakuuliza kitu. Alisimama na kamera yake, akaonyesha meza, mlango uliofungwa, kona zote nne, hata nyuma ya pazia. "Niko peke yangu," alisema sikioni mwa Mwalimu. "Hakuna kinachorekodiwa. Na kwako, yupo nani?" Mwalimu akamwonyesha Sista. Daktari akauliza kama anataka Sista abaki. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Jina hakulitamka: aliinua kadi yake ya kliniki mbele ya kamera, daktari akaisoma kimya.

Mimi kwenye ndoo yangu nilisikia "ndiyo". Kisha "hapana". Kisha "ndiyo, ndiyo". Redio ilikuwa inatangaza bei ya mbolea.

Baadaye kukawa kimya. Kimya kirefu mpaka nikadhani mtandao umekufa, nikainua ngumi nigonge, nikajizuia. Kumbe daktari alikuwa amefika kwenye swali lisilo na ndiyo wala hapana. Aliuliza ilianzaje. Mwalimu alifungua mdomo, akatazama ule mwanya wa juu ya ukuta, akafunga. Hedifoni zilikuwa zimemficha daktari, yeye mwenyewe hazikumficha. Swali la namna hiyo hatukuwa tumelifikiria, na Sista anasema hapo ndipo alipokumbuka kwamba mara moja aliyopewa ndiyo hii, na inaondoka.

Mwalimu akafungua mkoba. Akatoa daftari na kalamu ya kusahihishia, akaandika kwa ule mwandiko mkubwa wa ubaoni, akainua ukurasa mbele ya kamera. Kwenye skrini, pale kwenye kijipicha chake, maandishi yalionekana yamegeuka kinyume, akataka kuushusha.

"Yeye anayaona sawasawa," Sista akamnong'oneza. "Hiyo ni kwako tu. Inua."

Akainua. Ilikuwa imeandikwa hivi: Nilikaa na uchungu siku mbili. Mtoto hakulia. Tangu hapo ni miaka sita.

Daktari alisoma, akavua miwani. Akaacha picha ya uso wake ikae pale, kamera sawa na macho yake, na Mwalimu akamwona vizuri kwamba hashangai na wala haoni kinyaa. Picha ikaanza kuganda. Sista akaizima kwa kidole, wakabaki na sauti, na sauti ikaendelea bila kukatika. Daktari alimweleza kwamba anavyofikiri ni fistula, tundu lililobaki kati ya kibofu na njia ya uzazi baada ya uchungu wa muda mrefu. Lazima aje apimwe kwa mkono kabla ya kusema kwa uhakika. Wengi wakishonwa hupona, wengine hurudiwa mara ya pili. Akasema pia kwamba si uchafu wake wala kosa lake, na kwamba wiki ile peke yake anao wagonjwa watano kama yeye wodini.

Mwalimu aliandika tena, neno moja: Watano? Picha ilikuwa imezimwa, daktari hakuiona. Basi akalitamka.

"Watano?"

Hilo nililisikia. Neno moja, kwa sauti ya mtu anayeamka. Sikugonga ukuta.

Simu ilipoisha Mwalimu alichana ule ukurasa vipande vidogo, akamwambia Sista, "Nimefuta ubao." Akatoka kwa mlango wa nyuma na barua ya rufaa. Sista akaja kwenye ndoo yangu.

"Umesikia nini?"

"Ndiyo kama kumi na hapana tatu, nne. Na watano."

"Watano nini?"

"Sijui, Sista. Kweli sijui."

Akaegemea ukuta, akafumba macho. Nilidhani atafurahi, nami nilikuwa tayari kufurahi pamoja naye, lakini alikuwa amechoka mno. Alisema tu, "Benchi usilirudishe hapa. Liache kule barazani." Kisha akaenda kwenye sindano, foleni ilikuwa imefika mpaka getini.

Mwalimu alingoja zamu yake, akashonwa, akalazwa wiki tatu, akarudi. Kazi hakuacha. Zilipita kama siku arobaini akaja asubuhi kuchukua dawa ya kuongeza damu, mimi nikiwa dirishani. Benchi la barazani lilikuwa limejaa, na mmoja wa wale wazazi watatu alikuwapo. Alisogea kumpisha bila kufikiria, kwa adabu tu, akijua kwamba Mwalimu huwa hakai. Mwalimu akakaa. Alikaa kabisa, mgongo umeegemea, mkoba sakafuni.

Sista alikuwa anapita na trei ya sindano tupu. Akasimama.

"Sista," Mwalimu akasema, akipapasa nafasi iliyobaki pembeni yake. "Njoo ukae."

"Nikikaa sitanyanyuka, mdogo wangu."

"Basi usinyanyuke."

Sista alinitazama mimi, akaitazama foleni, akaiweka trei sakafuni, akakaa. Alisema dakika mbili. Hata moja haikutimia, kichwa kikaangukia bega la Mwalimu na viatu vile vilivyokatwa vikalegea miguuni. Mwalimu hakusogea.

Dawa ya yule mzazi ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilitoka nje ya dirisha kumfuata mgonjwa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikainama karibu na sikio lake, nikamweleza kwa kunong'ona jinsi ya kuimeza. Halafu wa pili, halafu wa tatu, mmoja mmoja, mpaka benchi lote likaisha na hakuna aliyejua mwenzake anaumwa nini.